Kiinua Mgongo Kikiingia, Deni Lipi Lianze?

Mwaka 2022 kiwanda nilichokitumikia kwa miaka kumi na miwili, kando ya Barabara ya Nyerere jijini Dar es Salaam, kilipunguza wafanyakazi. Nilikuwa msimamizi wa ghala. Malighafi ilikuwa imeadimika na mashine zilikuwa zinasimama mara kwa mara, kwa hiyo habari yenyewe haikutushtua sana. Kilichotukosesha usingizi ni pesa ya mwisho: tuifanyie nini? Karibu kila mmoja wetu alikuwa na madeni, na kila mmoja alikuwa na ndugu wa kumkumbusha kwamba dawa ya deni ni kulipa. Msemo huo ni wa kweli. Ila hausemi deni lipi lianze, wala hausemi watoto watakula nini ukishalipa. Hayo mawili niliyajifunza kwa kuyapitia, na ndiyo ninayotaka kumwachia mwenzangu ambaye barua ya kupunguzwa kazini imo njiani.

Jambo la kwanza lilikuwa kujua kiasi halisi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi aliyepunguzwa kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa siku saba kwa kila mwaka kamili aliofanya kazi mfululizo, lakini hesabu hiyo inakomea kwenye miaka 10. Mshahara wangu wa msingi ulikuwa shilingi 1,300,000. Ukiugawa kwa siku 26 za kazi katika mwezi, unapata 50,000 kwa siku. Siku saba kwa miaka 10 ni siku 70, na siku 70 kwa 50,000 ni shilingi 3,500,000. Ile miaka yangu miwili ya juu haikuhesabiwa. Wengi tulikuwa tunasubiri kiasi kikubwa zaidi, na wapo waliokuwa wameshaahidi watu. Juu ya hiyo kulikuwa na mshahara wa mwezi mmoja badala ya notisi, 1,300,000; likizo ambayo sikuwa nimeichukua, 650,000; na mishahara ya miezi mitatu ambayo chama cha wafanyakazi kiliipigania mezani, 3,900,000. Jumla ilikuwa 9,350,000. Kodi ilipokatwa, zilibaki 7,200,000. Namba hii ya mwisho ndiyo ya kupangia, na uipange baada ya kuiona kwa maandishi. Zile zinazotajwa kwenye kantini achana nazo.

Madeni yangu yalikuwa manne. Kubwa lilikuwa mkopo wa mshahara wa benki, uliobaki na shilingi 8,800,000. Riba yake ilikuwa asilimia 16 kwa mwaka kwa salio linalopungua, na rejesho lilikuwa 310,000 kila mwezi kwa miaka mitatu iliyosalia. La pili lilikuwa la SACCOS ya kazini, 1,200,000 kwa riba ya asilimia moja kwa mwezi, rejesho 107,000, na wafanyakazi wenzangu wawili ndio walionidhamini. La tatu lilikuwa la mkopeshaji wa mtaani, aina ile tunayoiita kausha damu: nilichukua 500,000 mama yangu alipolazwa, na kila mwezi nilikuwa natoa riba ya asilimia 20, yaani 100,000, huku ile laki tano ikibaki palepale. La nne lilikuwa dukani kwa Mangi, 80,000.

Kwa macho ya kawaida, adui ni benki. Deni lake lilikuwa kubwa kuliko kiinua mgongo chenyewe, na mume wangu aliona tuipelekee yote ili tubaki na salio la milioni moja na laki sita tu. Nilimwelewa. Deni kubwa likipungua, moyo unapata nafuu. Lakini kabla ya kuamua tulikwenda kwa mzee mmoja aliyewahi kuwa mweka hazina wa SACCOS yetu, mtu aliyeona wafanyakazi wengi wakiondoka na bahasha zao. Alitusikiliza, kisha akasema: "Binti yangu, ukubwa wa deni usikutishe. Niambie kila deni linakula kiasi gani kwa mwezi, na ukilipelekea pesa leo, mwezi ujao litaacha kukudai?"

Maswali hayo mawili ndiyo yaliyogeuza kila kitu, kwa hiyo nitayaeleza polepole kwa hesabu zangu mwenyewe.

Tuanze na benki. Kama ningeipelekea milioni 7.2 yote, ningeokoa riba ya kiasi hicho: asilimia 16 ya mwaka, gawanya kwa miezi 12, ni kama shilingi 96,000 kwa mwezi. Sasa mtazame kausha damu. Kumpelekea laki tano tu kulikuwa kunaniondolea 100,000 kila mwezi. Laki tano kwa huyu ilifanya kazi kubwa kuliko milioni saba na laki mbili kwa yule. Nilipoiona hesabu hiyo kwenye karatasi, ubishi wa nyumbani uliisha.

Swali la pili lina uzito zaidi, na ndilo ambalo watu hawaliulizi. Mkopo wa benki ukiupunguza bila kuumaliza, kwa kawaida rejesho la mwezi halishuki. Unachofupisha ni muda. Ningekuwa nimelipa milioni saba na laki mbili, salio lingebaki milioni moja na laki sita, na mwezi uliofuata benki ingenidai 310,000 ileile, nami sina mshahara wala akiba. Rejesho lingeshuka tu kama tungeandikiana upya. Deni dogo likimalizika lote ni jambo lingine kabisa: rejesho lake linakufa siku hiyohiyo. SACCOS ilikuwa hivyo. Kwa kuwa ilikuwa ya wafanyakazi wa kiwanda, uanachama wangu ulikuwa unakoma pamoja na ajira, na kwa hiyo akiba yangu ya 600,000 iliweza kukatwa kwenye deni. Nilitakiwa kuongeza 600,000 taslimu tu, na kwa kiasi hicho nikaondokewa na rejesho la 107,000. Wadhamini wangu nao wakawa huru. Hili la wadhamini lilinigusa kuliko riba. Hao wawili nao walikuwa wamepunguzwa; kuwaachia deni langu wakati huo kungekuwa kuwanyang'anya chakula.

Hivyo kwa 1,100,000 niliua malipo ya 207,000 kwa mwezi. Nikamlipa na Mangi 80,000 yake, kwa sababu duka linalokuamini ni msaada mkubwa kwa nyumba isiyo na mshahara. Zilibaki 6,020,000.

Kumlipa kausha damu nako kuna utaratibu wake. Wakopeshaji wa namna hii huwa wanashikilia kadi ya benki pamoja na namba ya siri, jambo ambalo hawaruhusiwi. Benki Kuu imeweka ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi kwa taasisi ndogo za fedha zenye leseni ambazo hazipokei amana, na anayetoza 20 mara nyingi hana leseni yoyote. Sikwenda peke yangu. Nilikwenda na mume wangu na mjumbe wa serikali ya mtaa, nikaomba riba ya mwezi ule anisamehe kwa kuwa namaliza deni lote kwa mkupuo, naye akakubali. Mtu mwenye pesa mkononi ana nguvu ya kuomba hivyo. Pesa nilimtumia kwa simu ili ushahidi ubaki, akaandika kwamba hanidai, tukatia saini sote, na kadi yangu nikaichukua palepale. Kesho yake nilikwenda benki nikabadilisha namba ya siri. Usimlipe mtu wa aina hiyo kidogokidogo, na usiondoke kwake bila karatasi.

Ikabaki benki, na hapa ndipo watu wengi wanapoumia kwa kukaa kimya. Fomu ya mkopo wa mshahara aghalabu ina kifungu kinachosema mwajiri atapitisha stahiki za mwisho kwenye akaunti ileile ya mshahara, na kingine kinachoipa benki haki ya kukata inachodai kutoka kwenye akaunti hiyo. Maana yake ni kwamba kiinua mgongo kinaweza kuingia asubuhi na kumezwa kabla hujakiona. Dawa yake ni kwenda benki mapema, kabla pesa haijaingia na kabla rejesho la kwanza halijakosekana. Nilikwenda na barua ya kupunguzwa, nakala ya mkataba wa mkopo na bajeti ya nyumba kwenye ukurasa mmoja. Niliomba kwa maandishi mambo mawili: kwamba kwa miezi sita nilipe riba peke yake, na kwamba muda wa mkopo usogezwe mbele kwa miezi hiyohiyo sita. Riba peke yake ya 8,800,000 ilikuwa kama 117,000 kwa mwezi badala ya 310,000.

Ofisa wa mikopo hakunifanyia hisani. Benki nayo ina hesabu zake: mkopo ukipitisha siku 90 bila kulipwa unahesabiwa kuwa chechefu, na benki inalazimika kutenga fedha kwa ajili ya hasara. Mteja anayekuja mapema na mpango unaoeleweka ana thamani kwao kuliko anayezima simu. Walichukua wiki kadhaa kujibu, wakakubali, na nikapewa ratiba mpya ya marejesho yenye mhuri. Wakati nasubiri nililipa rejesho moja kamili kwa akiba ndogo niliyokuwa nayo, ili jina langu lisiingie kwenye taarifa mbaya za wakopaji. Nilisoma pia hati ya bima ya mkopo. Yangu ilihusu kifo na ulemavu wa kudumu tu, lakini zipo zinazolipa marejesho ya miezi kadhaa mkopaji anapopunguzwa kazini, na mwenye nazo asipodai kwa wakati anapoteza haki yake. Isome yako.

Baada ya makubaliano hayo ndipo nilipoweza kuhesabu akiba yangu itanifikisha wapi. Bajeti yetu tuliikata hadi mfupa: chakula, gesi na mkaa, umeme, maji, nauli za watoto za shule, vocha, na kidogo cha kumtumia mama kijijini. Ilifika 550,000 kwa mwezi. Mume wangu ni fundi umeme, na katika miezi ya kawaida alikuwa analeta kama 250,000. Pengo la nyumba likawa 300,000, na benki 117,000, jumla 417,000. Kodi ya nyumba Tabata tulikuwa tunalipa kwa miezi sita, 1,200,000, na zamu yake ilikuwa inakuja baada ya miezi minne. Hiyo niliitenga siku ya kwanza kabisa, nikaihesabu kuwa si yangu. Zikabaki 4,820,000. Kwa miezi sita ya riba peke yake zingetumika kama milioni mbili na nusu. Kisha rejesho likirudi 310,000, kilichobaki kingetusogeza karibu miezi minne mingine. Jumla karibu miezi kumi. Bila ule mkataba mpya wa benki ingekuwa karibu minane. Kama ningepeleka yote benki, isingekuwa hata mmoja.

Katika hesabu hiyo sikuingiza fao la upotevu wa ajira la NSSF. Mwanachama aliyechangia angalau miezi 18, na ambaye hakuacha kazi kwa hiari yake, anastahili kulipwa asilimia 33.3 ya mshahara wake kwa muda wa miezi sita. Kwangu ilikuwa kama 433,000 kwa mwezi. Nilipeleka maombi mara tu nilipopata barua, lakini niliamua kupanga maisha kana kwamba haipo, kwa sababu nyaraka zinaweza kukosa saini moja na kurudi kwa mwajiri, na tumbo halisubiri saini. Ilipoanza kuingia, ilirefusha akiba; hata kama ingechelewa, isingetuangusha.

Akiba yenyewe sikuiacha mahali pamoja. Matumizi ya miezi miwili yalikaa kwenye akaunti ya kawaida. Sehemu kubwa iliyobaki, baada ya benki kuniandikia makubaliano, niliiweka kwenye Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, ambako pesa inapata faida kidogo na ukiomba kuitoa unaipata ndani ya siku tatu za kazi. Zile siku tatu zilinisaidia kuliko faida yenyewe. Ndugu akija na shida jioni, jibu la kweli ni kwamba pesa haipo mkononi, na kufikia keshokutwa mara nyingi shida imepata njia nyingine. Akaunti ya muda maalumu ya mwaka sikuitaka, hata kama riba yake ni nzuri zaidi. Akiba ya mtu asiye na kazi inatakiwa ifikike.

Kwa nini nasisitiza akiba kiasi hiki? Kwa sababu ya nilichokiona kwa mwenzangu wa idara ya ufungashaji, mtu mwadilifu ambaye hakuwahi kuchelewa kulipa deni. Yeye alikuwa na mkopo wa benki wa 5,100,000, riba ileile ya asilimia 16, na stahiki zake zilizidi kidogo kiasi hicho. Aliulipa wote. Alipewa barua safi ya kumaliza mkopo, na tulimpongeza. Baada ya miezi miwili kodi ya nyumba ilifika pamoja na ada. Akarudi benki ileile aliyoilipa kwa uaminifu, wakamwomba hati ya mshahara, na hana. Benki hukopesha mshahara. Uadilifu wa mtu hauwekwi dhamana. Akaishia kwa kausha damu, akachukua 600,000 kwa asilimia 20 kwa mwezi. Lile deni la milioni tano alilolimaliza lilikuwa linamla riba ya 68,000 kwa mwezi. Hili la laki sita lilikuwa linamla 120,000. Alitoka kwenye deni la bei nafuu akaingia kwenye la bei ghali, na njia iliyompitisha ni kukosa pesa taslimu.

Hilo ndilo ninaloliona kuwa kiini cha jambo lote. Pesa uliyompa mkopeshaji ukiwa huna kazi hairudi hata uililie. Pesa uliyoishika, bado unaweza kumpa mkopeshaji mwezi ujao. Kwa hiyo mtu asiye na mshahara akisitasita kati ya kulipa na kushika, na riba ya deni si ya kukausha damu, ashike kwanza.

Mpangilio huu una mipaka yake. Kama mkopo umewekewa nyumba yako rehani, deni hilo linapanda foleni hata kama riba yake ni ndogo, kwa maana likikushinda unapoteza paa. Kama tayari una barua ya kazi mpya inayoanza mwezi ujao, akiba ya miezi mitatu inatosha na kinachozidi kipeleke kwenye deni. Na kama benki imekataa kabisa kubadili ratiba, linganisha: pengine kuuza kitu kimoja cha nyumbani na kumaliza mkopo mdogo ni bora kuliko kulisha rejesho lake kwa mwaka mzima.

Bonasi ni habari nyingine. Nilipata kazi mpya baada ya zaidi ya nusu mwaka, kwa mshahara mdogo kuliko wa mwanzo, na sehemu ya akiba ikiwa bado ipo. Mwisho wa mwaka uliofuata ofisi mpya ilitupa bonasi, nami nikapata 1,500,000. Safari hii niliipeleka yote benki. Mshahara ulikuwa unaingia, akiba ilikuwa imesimama, na pesa ile ilikuwa inaniokolea riba ya 20,000 kila mwezi, faida ambayo nisingeipata kwa uhakika huo mahali pengine kwa kiasi hicho. Kabla ya kulipa niliuliza mambo mawili: kama kuna ada ya kulipa kabla ya muda, na kama nikipunguza salio wanapunguza rejesho au muda. Nilichagua kupunguza muda, nikadai ratiba mpya, nikaisoma kabla ya kutoka mlangoni. Malipo ya ziada yasiyoandikiwa maelekezo yanaweza kukaa tu kwenye akaunti yakisubiri kukatwa kama marejesho ya kawaida, na usiokoe chochote.

Kwa hiyo wewe ambaye barua imeshakufikia, chukua karatasi leo. Andika kiasi utakachopata baada ya kodi. Andika kila deni, linakula kiasi gani kwa mwezi, na ni kiasi gani kinalimaliza lote. Ua yale madogo yenye riba kali na yale yenye wadhamini. Nenda benki kabla hawajakutafuta, na urudi na maandishi. Tenga kodi ya nyumba. Kinachobaki kigawe kwa pengo la mwezi, uone utafika mwezi gani, na kama hufiki wa sita, usimpe mkopeshaji wa riba nafuu hata shilingi moja zaidi ya mliyokubaliana.